Niliwadanganya kuhusu maji, na chupa ya juani haikuwa na makosa

Wasee, kuna video yangu moja ambayo wengi wenu mliishea hadi ikafika kwa magrupu ya kina mama. Ni ile niko chini ya Longonot, vumbi kila mahali, nyuma yangu jamaa anamwaga chupa kumi na mbili za maji chini, na mimi napiga kelele kwa kamera: "Maji yaliyoekspaya ni sumu! Maji ya kukaa juani inaleta kansa!" Hiyo video imetazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kutengeneza. Na ni uongo. Nimeitoa wiki hii, na kabla mniulize kwa komenti kama nimelipwa na kampuni ya maji, someni hadi mwisho.

Nianze na vile ilikuwa. Tulikuwa watu kumi na wanne, tumetoka Nairobi na mathree asubuhi kupitia Mai Mahiu. Mmoja wetu alikuwa amebeba katoni ya maji ya nusu lita iliyobaki kwa harusi ya kwao. Sili zote zilikuwa nzima. Sasa, Longonot ni mbuga ya taifa, na tangu tarehe 5 Juni 2020 hauruhusiwi kuingia mbugani na chupa za plastiki za kutumia mara moja. Kwa hivyo tulisimama kabla ya geti ili kila mtu amimine maji kwa chupa yake ya chuma. Hapo ndipo kiongozi wetu akasoma tarehe kwenye shingo ya chupa. Ilikuwa imepita kwa mwaka mmoja na miezi miwili, na tena katoni ilikuwa imekaa nyuma ya gari la mtu kwa wiki kadhaa. Akashtuka kama ameona nyoka. Akamwaga yote. Mimi nikatoa simu.

Lita sita za maji safi zikanywewa na vumbi, chini ya mlima ambao huko juu hakuna bomba wala kiosk. Kutoka getini hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu za kupanda, halafu kuuzunguka ukingo ni zaidi ya kilomita saba, na sehemu kubwa hakuna kivuli. Tukarudi barabarani tukanunua chupa kwa kijana aliyekuwa anatembeza. Nakumbuka vizuri nilifungua yangu na kifuniko kikazunguka bila ile sauti ya kukatika. Niliskia hiyo kimya, na nikakunywa tu. Usiku huo watano kati yetu tulishinda chooni. Siwezi kuapa kwamba ni hayo maji, maana tulikula pia nyama njiani. Lakini angalia tulichofanya: tulimwaga chupa zenye sili kwa sababu ya nambari, halafu tukanunua chupa zisizo na sili kwa sababu hazikuwa na nambari ya kututisha.

Hii ndiyo shida yangu na hizi video zote, zangu zikiwa za kwanza. Tumewafundisha watu kuogopa kitu kibaya. Yaani sio kwamba tumewafundisha kuogopa kupita kiasi, la. Tumehamisha woga kutoka mahali unapofaa tukaupeleka mahali haufai.

Tuanze na tarehe. Maji hayaozi. Maziwa yana sukari na protini za kulisha wadudu, juisi vilevile, lakini maji yaliyosafishwa na kufungwa vizuri hayana chakula cha maana ndani. Bakteria wachache wanaobaki huongezeka kidogo wiki za kwanza baada ya kufungwa, halafu wanakosa chakula wanatulia, na wengi wao ni wale wa kawaida wasiomdhuru mtu mwenye afya. Ndiyo maana mamlaka ya chakula ya Marekani, FDA, haitaki maji ya chupa yawe na tarehe ya mwisho kabisa. Huko tarehe zilianza kuenea baada ya jimbo moja, New Jersey, kupitisha sheria mwaka 1987 kwamba kila chupa iandikwe mwisho wake, miaka miwili. Sheria hiyo baadaye ikafutwa, lakini tabia ya kuchapa tarehe ikabaki.

Kinachozeeka ni chupa. Plastiki ya PET, ile yenye nambari 1 ndani ya pembetatu pale chini, si ukuta kama wa glasi. Inapumua pole pole. Mvuke wa maji unatoka, ndiyo maana chupa ya miaka mitatu utaikuta imebonyea kiunoni hata kama haijawahi kufunguliwa. Na harufu inaingia. Weka katoni ya maji stoo moja na mafuta ya taa, rangi au sabuni ya unga, halafu rudi baada ya mwaka uonje. Plastiki yenyewe pia inatoa kitu kidogo kinachoitwa asetaldehidi, ambacho ndicho kile kiladha cha utamu-utamu wa plastiki unakiskia kwa maji ya zamani. Hiyo ladha si nzuri, lakini pia si sumu kwa kiasi hicho. Kwa hivyo tarehe inakuambia hadi lini kampuni iko tayari kuapa kwamba maji yataonja vile yalivyotoka kiwandani.

Sasa msinielewe vibaya. Duka halifai kukuuzia maji yaliyopita tarehe, na ukiyakuta kwa rafu yarudishe na uitishe doo yako. Hiyo ni haki yako, na muuzaji anayefuta tarehe ni mwizi. Lakini kuna tofauti kati ya "usinunue" na "mwaga". Ukiwa umekwama mahali na una chupa yenye sili nzima, maji yako wazi kama hewa, hayana rangi ya kijani wala harufu, na chupa haijapasuka, kunywa. Ukiona ukijani au utelezi kwa ukuta wa ndani, hapo mwani umeota, maana yake kuna kitu kiliingia. Hiyo ndiyo ya kumwaga, hata kama tarehe yake ni ya mwaka ujao.

Twende kwa jua, kwa sababu hapa ndipo nilisema uongo mkubwa zaidi.

Ule ujumbe wa "chupa ikikaa kwa gari yenye joto inatoa dayoksini na unapata kansa ya matiti" ni wa zamani kuliko akaunti yangu. Ulikuwa unazunguka kwa barua pepe miaka ya 2000 na kitu, kabla WhatsApp iukute. Dayoksini hutokea vitu fulani vikiungua, kwa joto la moto wa taka, si kwa joto la dashibodi. Halafu kuna wale wa "BPA". BPA hutumika kutengeneza plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti, ile ya baadhi ya mitungi ya lita ishirini, na mara nyingi utakuta nambari 7 chini yake. Chupa ya nusu lita ya PET haitengenezwi na BPA. Ukisikia mtu anakutisha na BPA huku ameshika chupa yenye nambari 1, ujue hajawahi kuigeuza chupa.

Kitu cha kweli kinachotoka kwa PET ikipata joto kinaitwa antimoni. Ni metali inayotumika kiwandani kusaidia plastiki iungane, na mabaki yake hukaa ndani ya ukuta wa chupa. Watafiti wa Arizona, ambako jua halichezi, waliipima mwaka 2008. Waliweka chupa kwa joto la kawaida la nyumba, nyuzi 22, kwa miezi mitatu, na antimoni haikubadilika kwa maana yoyote. Halafu wakapandisha joto na kuhesabu siku ngapi zitapita kabla maji yavuke kiwango cha Marekani, mikrogramu 6 kwa lita. Kwa nyuzi 60 ilikuwa siku 176. Kwa nyuzi 85 ilikuwa siku moja na kitu tu.

Sasa tuifanyie hesabu ya Longonot. Nyuzi 60 ni joto la kushika ukajichoma, na siku 176 hizo ni mchana na usiku bila kupoa, yaani saa 4,224. Tuseme wewe ni mzembe kabisa, unaacha chupa ndani ya gari lililofungwa na kila siku inafika nyuzi 60 kwa saa nne nzima. Gawanya: ni siku 1,056, karibu miaka mitatu ya kila siku bila mvua, ya chupa ileile. Na kiwango cha Shirika la Afya Duniani kiko juu zaidi, mikrogramu 20. Hii ni hesabu ya kwa goti, si ya maabara, lakini inakuonyesha ukubwa wa kitu. Chupa iliyokaa juani mchana mmoja ukipanda mlima haiko hata karibu.

Ila usiangalie nyuzi 60 tu, angalia na ile 85. Maji ya chupa iliyo juu ya paa au ndani ya gari kwa kawaida hayafiki 85. Lakini unajua nini inafika? Chai. Uji. Maji yaliyochemka. Wale mnaomimina chai moto kwa chupa ya soda muende nayo mjengo, hapo sasa mko na shida ya kweli, na utaona hata chupa yenyewe inajikunja. Mbona hakuna mtu ametengeneza video ya hiyo? Nitawaambia mbona: haitishi. Kila nyumba inafanya, kwa hivyo hakuna wa kushangaa.

Na muuzaji anayepanga katoni barabarani juani wiki baada ya wiki bado anakosea, kwa sababu hiyo ladha ya plastiki inakuja haraka zaidi kwa joto, na hujui zimekaa hapo muda gani. Mwambie azitie kivulini. Usimwambie anaua watu.

Sasa nifike kwa tata. Tata wangu, dada ya mamangu, anaishi Longonot senta, si mbali na barabara. Zamani aliishi Nakuru, na huko alijifunza kitu ambacho mimi nikiwa mdogo niliona ni maajabu ya watu wazima: kila asubuhi alipanga chupa za plastiki za maji juu ya mabati, zimelala ubavu, na jioni tukazinywa. Nilidhani anapasha maji ya kuoga. Baadaye ndiyo nikajua ina jina, SODIS, njia ya kusafisha maji kwa jua iliyoenezwa na taasisi ya maji ya Uswisi inaitwa Eawag. Ndiyo, umesoma vizuri. Kile kitu nilisema kinaua ndicho watu hutumia kuua vijidudu.

Na haikuanzia kwa tata. Imepimwa hapa hapa kwetu. Kajiado, upande ule wa Wamaasai, watafiti waligawa familia miaka ya tisini: wengine waweke chupa juani juu ya paa, wengine waweke chupa zilezile ndani ya nyumba. Kipindupindu kikaja katikati ya hiyo kazi. Kwa watoto chini ya miaka sita waliokunywa maji ya juani, waliougua walikuwa 3 kati ya 155. Kwa wale wa chupa za ndani, 20 kati ya 144. Kwa wakubwa tofauti haikuonekana wazi, na hiyo niseme pia. Halafu Nakuru kwenyewe, matokeo yakachapishwa mwaka 2011: watoto chini ya miaka mitano, zaidi ya mia tano kila upande, na walio kwenye nyumba za kutumia jua walikuwa na siku za kuhara damu karibu nusu ya wenzao.

Inafanya kazi hivi. Jua lina miale isiyoonekana, ya urujuanimno, ambayo inaharibu mbegu za uhai ndani ya bakteria na virusi. Joto linasaidia, na maji yakivuka nyuzi 50 kazi inaenda haraka zaidi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua tunalo la bure. Unachukua chupa ya PET isiyo na rangi, lita moja au mbili, si ya kijani wala kahawia. Unatoa karatasi ya jina. Unajaza robo tatu, unatikisa kama sekunde ishirini ili hewa iingie, halafu unajaza hadi juu na kufunga. Unailaza ubavu juu ya mabati asubuhi. Jua likiwa zuri, saa sita zinatosha. Kukiwa na mawingu nusu ya mbingu au zaidi, siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha siku nzima, usijidanganye, chemsha.

Maji lazima yawe meupe. Tata alikuwa anasimamisha chupa juu ya gazeti na kuangalia kutoka mdomoni kwenda chini. Kama anaweza kusoma kichwa cha habari, sawa. Kama hawezi, anaacha yatulie au anayachuja kwa kitambaa kwanza, kwa sababu tope linawapa vijidudu kivuli. Na chupa ikichakaa ikajaa mikwaruzo, anaitupa, maana jua halipiti vizuri.

Kuna kitu kimoja jua haliwezi, na watu wa Naivasha, Gilgil na Nakuru mnakijua kwa meno yenu. Floridi. Maji mengi ya visima huku bondeni yanayo, na ikizidi mikrogramu 1,500 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto yanapata zile alama za kahawia. Jua haliitoi. Kuchemsha ndio kabisa, maji yanapungua floridi inabaki. Ndiyo maana Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa. Tata yeye alitumia maji ya mvua kwa mabati, ambayo hayana floridi, na jua likamalizia vijidudu.

Halafu mwezi uliopita nikaenda kumsalimia na sikuona chupa juu ya nyumba. Mtoto wake wa mwisho, ana miaka mitatu, alikuwa amelala kitini mchana, midomo imekauka, amehara siku nne. Nikamuuliza, "Tata, chupa ziliendaga wapi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la kijinga. "Si wewe ulisema zinaleta kansa? Mtu wa chama alinionyesha kwa simu. Nikaona ni wewe, nikasema huyu amesoma."

Sikusoma, wasee. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata ningemaliza sikuwa nasoma hayo. Na alikuwa ameacha pia kuchemsha, kwa sababu makaa yamepanda bei na jua lilikuwa la bure. Tulimpa mtoto maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ile ORS, tukampeleka zahanati. Amepona. Siwezi kusema kwa hakika ni maji yalimgonjesha, mtoto wa miaka mitatu anaweka kila kitu mdomoni. Lakini najua nani alizitoa chupa kwa paa.

Kwa hivyo sasa nikinunua maji barabarani nafanya hivi. Kwanza naangalia pete ya chini ya kifuniko: lazima iwe imeshikana na kifuniko kwa vile vidaraja vidogo, na vikatike kwa sauti nikizungusha. Naigeuza chupa kichwa chini na kuifinya kabla ya kufungua, nione kama inavuja. Naangalia kama karatasi ya jina imekaa sawa au imebandikwa tena kwa gundi. Nambari iliyo chini ya alama ya KEBS natuma kwa 20023 nikiwa na shaka, na jina la kampuni likirudi tofauti na la kwenye chupa, narudisha chupa. Tarehe naisoma mwisho. Na ile niliyoifungua mwenyewe, nikaweka mdomo, ikapata joto kwa begi mchana kutwa, hiyo naimaliza siku hiyohiyo au namwaga, maana hapo mate yangu ndiyo yamewapa wadudu chakula.

Jumamosi nilienda kwa tata na chupa nane za lita mbili, nikazitoa karatasi. Nilipopanda ngazi akanishika mguu. "Na ukibadilisha maneno tena?"

Nikamwambia asimame na gazeti mwenyewe, asome mwenyewe. Tulianza na ukurasa wa michezo.